Shajara ya hadithi ya Kasharubu, panya wa jikoni

Tarehe 3 Machi

Rasimu ya kwanza nimeifuta yote. Ilikuwa hadithi ya panya mwizi: anakula unga, mama anakasirika, baba anaziba matundu, mwisho. Nilimsomea mtoto wa dada yangu, ana miaka 7, tukiwa tumekaa mlangoni hapa Katoyi, Goma. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza: «Kwani panya anakula unga kiasi gani?»

Sikuwa na jibu. Nimeenda kutafuta. Panya mdogo wa nyumbani, yule ambaye hata na mkia wake anakaa kwenye kiganja, anakula kama gramu 3 kwa siku. Nikapima kwa macho: ni kijiko kimoja cha chai cha unga, bila kurundika. Mwezi mzima hafikishi gramu 100. Hakuna baba wa Goma atakayenunua simenti kwa ajili ya vijiko 30 vya unga, na mtoto yeyote anayetumwa dukani anajua hesabu hiyo.

Kwa hiyo hadithi yangu ilikuwa na uongo ndani yake, na mtoto ameuona kabla yangu. Familia inaziba kila ufa kwa sababu nyingine. Kazi ya panya ni kuigundua sababu hiyo mwenyewe, bila mtu kumhutubia.

Tarehe 4 Machi

Jina. Nilikuwa nimemwita Kadogo. Mchoraji akaniambia kwa upole nilifute. Ana haki. Huku kwetu neno hilo bado linawakumbusha watu watoto waliobebeshwa bunduki mwaka 1996 na 1997, na mzazi akiliona kwenye jalada hatafungua ukurasa wa pili. Sasa anaitwa Kasharubu, kwa sababu ya ndevu zake. Hizo ndevu zitakuwa na kazi katika hadithi, siyo pambo.

Tarehe 6 Machi

Leo nimeshinda katika jiko la koko, yaani bibi yetu, mtaa wa Ndosho. Nitaandika kwa urefu kwa sababu nadhani hadithi nzima imo mle.

Jiko lake limejengwa kama majiko mengi ya huku: chini msingi wa mawe meusi ya volkano, juu yake mbao zilizopigwa wima, kisha bati. Jiwe la volkano halina uso ulionyooka, na ubao umenyooka, basi pale wanapokutana panabaki mapengo madogo madogo ya pembe tatu. Katika ubao mmoja fundo limedondoka likaacha tundu la mviringo. Juu, kila wimbi la bati linapopita kwenye boriti ya ukuta linaacha mdomo wazi, na ukuta mmoja una midomo zaidi ya 20. Chini ya mlango kidole changu kidogo kinapita bila kuguswa na kitu.

Mchoraji alikuwa ameshachora tundu la panya kama mlango mdogo wa kanisa, wenye upinde juu. Hakuna kitu kama hicho. Nimempigia picha zile pembe tatu.

Nilikuwa na kalamu ya risasi mfukoni. Kipimo chake ni hiki: tundu likipitisha kalamu ya risasi, linampitisha panya mdogo. Ni kama milimita 6 au 7. Ukiangalia mwili wa panya huamini, lakini mwili wake ni manyoya na nyama laini, unabonyea. Kisichobonyea ni fuvu. Kichwa kikipita, mengine yanafuata. Ndevu zinagusa kingo za tundu kabla kichwa hakijaingia, na ndizo zinazomwambia nafasi aliyo nayo gizani. Nikajaribu kalamu yangu kila mahali, koko akiniangalia kama mtu aliyeharibikiwa. Ilipita sehemu 9, bila kuhesabu midomo ya bati.

Kisha nikamuuliza kwa nini anataka kuziba, panya anakula kidogo tu. Akajibu, na jibu lake nimeliandika pale pale nyuma ya mkono wangu: «Kukula si kitu. Kupita kwake njo kunanisumbua.»

Akanionyesha. Juu ya rafu ya vikombe, nyuma ya sufuria, kulikuwa na vinyesi vyeusi vidogo, vina ncha, kila kimoja kama punje ya mchele iliyoungua. Alikuwa amefuta rafu jana yake asubuhi. Nilihesabu 23 kwenye rafu peke yake. Panya mmoja anaacha kati ya 50 na 80 kwa siku. Na hayo ndiyo yanayoonekana. Mkojo hauonekani: panya anapotembea anadondosha matone madogo njiani, ndivyo anavyoweka alama za njia yake. Pia hali sehemu moja akashiba. Anaonja hapa, anaonja pale, anarudi, kwa hiyo usiku mmoja anakuwa amepita juu ya karibu kila kitu.

Hapo nikaona hadithi imegeuka. Kasharubu anadhani wanamfungia kwa sababu ya anachochukua. Kumbe ni kwa sababu ya anachoacha.

Tarehe 7 Machi

Swali gumu: panya atagunduaje? Hajui kama anaacha kitu. Kwake yeye ile harufu ni ramani tu.

Wazo la kwanza lilikuwa mtoto wa nyumba aumwe tumbo. Nimeliandika, nimelikataa. Ni kweli kwamba kinyesi na mkojo wa panya vinaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na mkojo unaweza kubeba vya leptospira. Lakini kuhara kuna sababu nyingi, maji kwanza, na hakuna mama anayeweza kusema kwa hakika kwamba hii ya leo imetoka kwa panya. Hadithi ikisema hivyo inadanganya tena, safari hii kwa upande wa pili. Halafu kumbebesha panya wa kitabu mtoto mgonjwa ni mzigo mzito kwa kurasa 16.

Tarehe 8 Machi

Jivu!

Koko ana mbabula, jiko la makaa, basi jivu la makala lipo la bure. Nimelichunga kwenye kichungio cha zamani, nikalinyunyiza jioni mbele ya yale mapengo 9 na juu ya rafu, tabaka jembamba kama vumbi. Kila tundu nikalichomekea pia kijibonge cha gazeti, bila kukaza. Asubuhi kijibonge kilichosukumwa nje ni cha tundu linalotumika, na jivu linakuambia alikwenda wapi.

Tarehe 9 Machi

Vijibonge viwili vimeanguka: cha pengo la kona nyuma ya kiloba cha makala, na cha lile tundu la fundo. Vingine 7 havijaguswa.

Na jivu! Sijawahi kuona kitu kizuri hivi jikoni. Nyayo za mbele zina vidole vinne, za nyuma vitano, na katikati unapita mstari mwembamba wa mkia, pale alipouburuza. Njia inatoka kwenye kona, inaambaa na ukuta (panya hapendi kukata katikati ya sakafu), inapanda kwenye mguu wa meza, inazunguka mfuko wa unga wa bugali, inapita juu ya ndakala, wale dagaa wakavu, waliofunikwa vibaya, inaingia na kutoka kwenye kikombe cha plastiki cha mjukuu mdogo, kisha inarudi. Kwenye kikombe hakukuwa na chakula. Alikuwa anapita tu.

Koko hakusema kitu. Alichukua kile kikombe kwa vidole viwili, akakitenga.

Huo ndio ukurasa wa 9. Nimeuandika papo hapo, nimekaa juu ya kibao:

«Asubuhi Kasharubu alichungulia. Chini, juu ya vumbi la kijivu, kulikuwa na njia. Vidole vinne, vidole vitano, na mstari kama uzi. Nani amepita hapa? Akaifuata kwa macho. Njia ilipanda mezani. Ilizunguka unga. Iliingia katika kikombe cha Amani. Kasharubu akatazama mguu wake. Ulikuwa wa kijivu.»

Hakuna anayemwambia kitu. Anasoma mwenyewe. Kisha anaona mama akikichukua kile kikombe kwa vidole viwili na kukitia katika maji ya javeli. Nadhani inatosha.

Tarehe 10 Machi

Jambo moja nimelirekebisha baada ya kuzungumza na muuguzi, jirani yetu. Nilikuwa nimeandika mama anautupa unga wote. Muuguzi akanikumbusha kwamba unga wa bugali unapigwa kwenye maji yanayochemka, na moto unaua salmonela. Kuchunga hakutoshi, kinyesi kitabaki kwenye kichungio lakini mkojo utapita na unga. Hata hivyo unga bado una moto mbele yake. Kikombe hakina. Ndizi iliyomenywa haina. Sombe ya jana inayoliwa baridi haina. Ndiyo maana ni kikombe kilichobaki katika hadithi, na unga nimeupunguza.

Pia alinikataza kumchora mama akifagia vinyesi vikavu. Ukifagia, vumbi linapanda puani. Unalowesha kwanza kwa javeli iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 10, unangoja dakika 5, unafuta kwa kitambaa. Kwa hiyo katika mchoro wa ukurasa wa 10 ufagio umetoka, kitambaa kimeingia. Mchoraji amelalamika, ufagio ulikuwa umemtoka vizuri.

Tarehe 13 Machi

Sehemu ya kuziba. Hadithi za kwetu zinapenda tatu, na bahati nzuri makosa ya kweli yako matatu kabisa.

Mara ya kwanza baba anachomeka kitambaa. Kasharubu anafurahi sana, anakivuta chote na kutandika kitanda. Mara ya pili baba anaweka udongo. Udongo ukikauka unasinyaa, unaachana na jiwe, na usiku wa tatu anaukwangua kwa meno. Mara ya tatu baba anapigilia kipande cha ubao. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, lazima ayasage kwa kitu, na ubao ni kama amepewa zawadi.

Ya nne ndiyo inayomshinda. Baba anachukua nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria, anazikaza ndani ya tundu kwa bisibisi mpaka zisivutike, kisha juu yake anapaka simenti: sehemu 1 ya simenti, 3 za mchanga. Kila kimoja peke yake kina udhaifu. Nyuzi peke yake zinashika kutu katika unyevu wa jiko na kuvunjika. Simenti peke yake inaweza kukwanguliwa usiku wa kwanza kabla haijakomaa. Zikiwa pamoja, panya akikwangua simenti mbichi anakutana na chuma, na chuma kinamchoma midomo. Hapo ndevu zinapata kazi yao: Kasharubu anagusa kingo, anarudi nyuma, anagusa tena. Ukurasa wa 12 una sentensi moja tu: «Ndevu zikasema hapana.»

Nilimfanyia koko yale mapengo 7 yasiyotumika jana. Kwenye tundu moja nilikosea, sikulowesha jiwe kwanza. Jiwe la volkano lina vitundu kama sponji, likanywa maji yote ya simenti, na leo kiraka kimetoka mkononi kama kipande cha biskuti. Nimekirudia kwa kulowesha vizuri jiwe, kisha kufunika kiraka kwa gunia bichi siku mbili.

Tarehe 15 Machi

Nimewasomea watoto 12 wa mtaa. Nilipofika kwenye «familia inaziba kila ufa», msichana mmoja aliyehamia huku kutoka upande wa Bulengo akasema kwa sauti ya mtu anayejua: «Ni juu ya mazuku.»

Wote wakanyamaza. Nilipaswa kulitegemea hilo. Mazuku ni ile hewa nzito, kaboni dioksidi, inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo na mabonde. Mbuzi anainama kula majani, haamki. Watoto hawa pia wanajua kwamba Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, ardhi ya mji ilipasuka nyufa. Mtoto wa Goma ukimwambia «ufa» hafikirii panya kwanza.

Nilifikiria kubadilisha hadithi. Lakini mazuku huizibii kwa nyuzi za chuma jikoni. Mahali pake watu wanapaepuka, na sitaki mtoto aamini kwamba simenti ya baba inatosha. Nimeongeza mstari ukurasa wa 3. Amani anauliza, «Ni mazuku?» Mama anajibu, «Hapana, mwanangu. Mazuku inatoka chini. Huyu anatoka ukutani.» Hofu imetajwa, imewekwa mahali pake, hadithi inaendelea.

Mvulana mwingine alitaka kujua kwa nini hawamuwekei dawa. Nikamjibu kwa swali: atakufa wapi? Akafikiri, akasema, «Ndani ya ukuta.» Na baada ya siku tatu? Wote wakaziba pua. Sikuhitaji hata kufika kwenye zile pakiti za dawa ya panya zinazouzwa barabarani bila maandishi, ambazo mtoto anaweza kudhani ni kitu cha kula.

Tarehe 17 Machi

Kosa kubwa la rasimu ya pili, na nashukuru koko ndiye aliyeliona. Nilikuwa nimemfanya baba ashinde: anaziba kila kitu, pamoja na ile midomo yote chini ya bati. Nikamsomea. Akauliza: «Na moshi utatokea wapi?»

Jiko lile linapumua kwa ile midomo. Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichozibwa, moshi ndio afadhali, unauona na unakohoa. Kibaya ni ile hewa isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, inayomlaza mtu bila kumwonya. Ningekuwa nimewafundisha watoto kuziba jiko la makala mpaka juu.

Dawa yake ni wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, unakatwa kama mkanda na kupigiliwa chini ya bati ukuta mzima. Hewa inapita, fuvu halipiti. Chandarua cha plastiki hakifai, anakitafuna usiku mmoja. Chini ya mlango tumepigilia ukanda wa bati.

Sasa hadithi ina ukurasa mpya ambao naupenda kuliko yote. Baba anaziba hata juu, koko wa kwenye hadithi anakohoa, mama anafungua mlango kwa nguvu, baba anapanda ngazi kufungua tena. Kasharubu anatazama na kuelewa kwamba kuna matundu ambayo watu wanayahitaji kama yeye. Ili kuupata ukurasa huo nimekata wa ndoto. Kijitabu ni karatasi 4 za A4 zilizokunjwa, kurasa 16, hakuna wa 17. Ndoto haikuwa na maana yoyote, nilikuwa nimeipenda tu.

Tarehe 19 Machi

Mpangilio wa mwisho. Huwezi kuziba yote kwa mpigo panya akiwa ndani. Atatafuna kutoka ndani, au atafia humo. Unaziba kwanza yasiyotumika. Unaacha yale anayoyatumia. Unamnyima sababu ya kuja: ndakala kwenye ndoo yenye kifuniko, unga kwenye bidoni, vikombe vimeinamishwa ndani ya beseni lililofunikwa. Unaendelea kunyunyiza jivu. Siku jivu likikaa safi usiku tatu mfululizo, ndipo unaziba la mwisho. Watu wengi wanaweka mtego kwenye lile tundu la mwisho, na sitawalaumu, koko mwenyewe aliuweka na ukamnasa mmoja. Katika kitabu nimeacha tundu wazi bila mtego. Kasharubu ni mwerevu, ameshasoma njia yake mwenyewe, acha atoke kwa miguu yake.

Anakwenda wapi? Watoto watauliza. Nimemwandikia rundo la mawe nyuma ya shamba la mihogo. Mchoraji anataka nyumba ya jirani, anasema ndiyo ukweli. Tumebishana. Ameshinda nusu: kwenye mchoro wa ukurasa wa 16 Kasharubu yuko juu ya mawe, lakini uso ameugeuzia dirisha la jirani lenye taa.

Tarehe 22 Machi

Bado sijaamua lugha ya koko wa kwenye hadithi. Nikimwandikia Kiswahili cha shuleni anakuwa mwalimu. Kwa sasa anasema «njo» na «kukula», wengine wote wanasema vya vitabuni. Nitawasomea watoto tena Jumamosi nisikie wanacheka wapi.

Tarehe 24 Machi

Nimepita Ndosho asubuhi kabla ya kazi. Ni siku ya tatu ya jivu. Kuna nyayo, moyo ukanishtuka, nikainama na tochi. Vidole vitatu virefu mbele, kimoja nyuma. Kuku wa koko, ameingia kwa mlango kama mgeni yeyote. Tumechanganya simenti.